Godoro la sufi lilizimwa saa tatu usiku, alfajiri likafuka tena

*"Shikamoo mzee. Niko Newala, tunaishi na baba mkwe, ana miaka zaidi ya sabini na anavuta sigara kitandani. Juzi saa tatu usiku godoro lake la sufi liliungua tundu dogo, nikalimwagia jagi la maji, likazima. Saa kumi alfajiri kikohozi chake kikatuamsha, chumba kimejaa moshi. Asubuhi alishinda na kichwa. Moto uliozimwa unarudije? Na mimi mkwe nitamwambia nini bila kumvunjia heshima? Chini ya kitanda chake kuna mifuko mitatu ya salfa na dumu la petroli ya mota ya kupulizia mikorosho. Godoro tumeliweka uani, je, linashoneka?"*

Marahaba mwanangu. Kabla hujasoma zaidi, mwambie mume wako atoe hiyo salfa na petroli chumbani leo. Sababu nitaieleza huko mbele, lakini kazi yenyewe isisubiri maelezo.

Sasa tuje kwenye godoro. Moto ule haukurudi, maana haukuwa umeondoka. Kuanzia saa tatu ulipomwaga maji hadi saa kumi alfajiri ulikuwa humo humo ndani, unakula taratibu bila ulimi wa moto. Umeona moto wa pumba za mpunga: juu majivu yamepoa, mtoto anatia mguu, anaungua. Huo ndio moto wa kufukuta. Hauhitaji hewa nyingi. Ile iliyomo katikati ya nyuzi inautosha, na majivu yake mwenyewe yanaufunika usipoteze joto. Katika godoro husogea sentimita chache tu kwa saa, ndiyo maana mtu analala akidhani kumekwisha. Ukifika mahali penye hewa ya kutosha, pembeni palipofumuka au upande wa chini unaoelekea chaga za kitanda, ndipo moshi unapozidi, na mara nyingine ndipo unapopata ulimi.

Swali lako la kweli ni kwa nini jagi la maji halikuumaliza. Jibu lipo kwenye sufi yenyewe. Unyuzi wa sufi ni mrija mtupu wenye hewa ndani, na ngozi yake ina nta. Haipendi maji hata kidogo. Zamani walikuwa wakiijaza kwenye makoti ya kuokolea mabaharia kwa sababu inaelea na haiingizi maji upesi. Jaribu mwenyewe: chomoa sufi kidogo kwenye mto, itupe katika bakuli la maji. Itakaa juu kama bata. Ukitia sabuni kidogo na kukoroga, inaanza kulowa na kusinyaa.

Kwa hiyo jagi lako, tuseme lita mbili, lililowesha kitambaa cha juu, likapoza pale palipokuwa panaonekana, na mengine yakateremka pembeni hadi sakafuni. Kaa lilikuwa chini ya hapo, na maji hayakulifikia. Tundu la nje huwa dogo kuliko la ndani. Juu unaona kitu cha ukubwa wa shilingi, ukifungua unakuta sehemu ya ukubwa wa sahani imeshakuwa nyeusi. Mtu hawezi kupima moto wa godoro kwa kuangalia kitambaa.

Usidhani godoro la sponji lina nafuu. Lenyewe lina tabia nyingine: likishapata ulimi wa moto huyeyuka na kuwaka haraka, na moshi wake mweusi una sumu zaidi. Chumba kizima kinaweza kushika ndani ya dakika chache. La usumba linafanana na la sufi, hufukuta kimya kimya. Nakujibu kwa habari ya sufi kwa sababu ndilo mlilo nalo.

Ikitokea tena, fanya hivi. Chukua ndoo ya lita 20, weka vijiko vinne vya chakula vya sabuni ya maji, au kiganja kimoja cha sabuni ya unga, koroga. Sabuni inavunja ule mshikamano wa uso wa maji, yanapenya kwenye nyuzi badala ya kuteleza juu. Hata sisi zimamoto tuna dawa ya namna hiyo tunayochanganya na maji kwa ajili ya vitu vinavyofukuta, siyo uganga. Mimina polepole kwa kikombe palepale penye tundu na kulizunguka, usirushe ndoo nzima kwa mkupuo. Ninajua Newala maji ni ya kununua, na watu hupima hata ya kuoga. Kwa hiyo ukimimina kwa utaratibu, nusu ndoo inatosha kutuliza, na nusu iliyobaki iweke kwa kazi ya nje. Ndoo moja ya maji ya sabuni ikae na kifuniko nje ya mlango wa mzee kila usiku, isiguswe kwa chai wala kwa udhu. Asubuhi fulieni au deki nayo nyumba, jioni jazeni nyingine.

Baada ya kulowesha, na siyo kabla, ndipo godoro litolewe nje. Ukilibeba likiwa linafuka bado kavu, upepo wa mlangoni unalipuliza kama mhunzi anavyopuliza mivukuto, linalipuka mikononi mwenu, mnaliangusha, na njia ya kutokea imeziba. Hilo nimeliona. Likunjeni upande uliolowa uwe ndani, watu wawili, mtu wa tatu ashike mlango. Na kama tayari kuna ulimi wa moto mkubwa kuliko mto wa kulalia, au moshi umeteremka hadi usawa wa kichwa chako, achana na godoro. Mtoe mzee, vuta mlango nyuma yako, toa watoto, piga 114. Mlango uliofungwa unaunyima moto hewa na unawapa nyinyi dakika za kuamsha nyumba.

Nje, liweke angalau hatua kumi kutoka kwenye nyumba, kwenye udongo mtupu. Lisiwe chini ya mkorosho, maana majani makavu ya chini ya mkorosho ni kiberiti kingine. Wala usiliegemeze ukutani, na hapa nikusimulie.

Nikiwa bado kazini Mtwara mjini, miaka mingi imepita, kulikuwa na nyumba ya mvuvi mmoja huku uswahilini. Alirudi kutoka ngomani amekunywa, akawasha sigara kitandani, ikamponyoka. Mkewe alinusa kitambaa kinaungua karibu saa tano usiku. Akamwamsha, wakamwaga maji, wakafanya jambo ambalo wengi hawafanyi: wakalitoa godoro nje. Hadi hapo wamefanya vizuri. Lakini walilisimamisha barazani, limeegemea ukuta, ili lichuruzike maji lisioze. Juu ya baraza palikuwa na makuti.

Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Godoro lililosimama lina kasoro moja: moto wa kufukuta hupenda kupanda, na linaposimama hewa inaingia chini na kutokea juu kama bomba la moshi. Saa kama nne zilipita hakuna aliyenusa kitu, maana moshi ulikuwa unakwenda na upepo. Mama mmoja jirani huamka saa tisa kukanda maandazi. Yeye ndiye aliyeona makuti yanawaka, akapiga yowe, watu wakatoka wazima. Tulipofika baraza lilikuwa limekwisha na paa la mbele linamalizika. Asubuhi nilifungua kipande cha godoro kilichobaki chini, sehemu iliyokuwa bado imelowa kwa nje. Kitambaa kilikuwa na maji ukikikamua. Ndani, kina cha kiganja hivi, sufi ilikuwa kavu kama imetoka juani, na katikati yake kulikuwa bado na moto.

Kwa hiyo godoro lililokwisha toka nje lazima lifunguliwe. Chukua kisu au mkasi, kata mshono au kitambaa chenyewe kuanzia tundu lilipo, fungua pande zote. Utaona rangi zinavyopangana: sufi nzima ni nyeupe ya maziwa, inafuata rangi ya samli, halafu rangi ya chai ya rangi, halafu nyeusi. Wekundu wa kaa lenyewe mchana hauuoni, usiku unauona ukizima taa. Usiishie kwenye nyeusi. Ondoa hadi upite rangi ya samli, kisha ongeza shibiri moja ya sufi nyeupe kila upande. Yote hiyo itie kwenye karai, mwagia ile nusu ndoo ya sabuni iliyobaki, ikande kwa mti kama unasonga ugali mpaka isielee tena. Usiiingize mkono.

Utajuaje kuwa umemaliza? Usitegemee pua, baada ya nusu saa ndani ya moshi pua imechoka, hainusi tena. Weka mgongo wa kiganja juu ya sufi iliyobaki bila kugandamiza, subiri mpaka uhesabu ishirini. Mgongo wa kiganja huhisi hata joto dogo upesi kuliko tumbo la kiganja. Angalia pia kinachopanda: mvuke ni mweupe na unapotea karibu na godoro, moshi unakaa hewani na unawasha macho. Rudi baada ya robo saa, rudi tena baada ya saa moja. Godoro lilale nje mpaka kesho yake hata kama umeridhika.

Umesema asubuhi mzee alishinda na kichwa. Usilichukulie kama uchovu wa kukosa usingizi. Moto wa kufukuta hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni kwa wingi, na hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inashika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua lakini mwili haupati kitu. Aliyelala haamki kwa harufu ya moshi, pua nayo inalala. Kilichomwamsha mzee wako ni kikohozi, na mwingine asingekohoa. Siku nyingine ikiwa kuna kichwa pamoja na kutapika, kizunguzungu, au mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na mhudumu aambiwe wazi kwamba alilala ndani ya moshi. Mjamzito apelekwe hata kama hana dalili yoyote.

Jambo jingine, angalia kuta za nyumba yenu. Nyumba nyingi za kwetu hazina dari, ukuta wa chumba unaishia chini ya bati na juu kuko wazi. Hewa ya chumba cha babu ndiyo hewa ya chumba cha watoto. Ukipata kengele ya moshi ya betri, ifunge juu kwenye boriti karibu na mlango wa mzee, mbali na jiko, la sivyo kila ukikaanga samaki itapiga kelele mpaka mtu aikate betri.

Tuje kwa mkwe wako. Wewe usimwambie. Kuingia chumba cha baba mkwe na kumhesabia sigara siyo kazi ya mke wa mwanawe, na ukijaribu atavuta kwa siri chini ya shuka, jambo ambalo ni baya kuliko alivyokuwa. Mtume mjukuu. Babu na mjukuu ni watani, na maneno ambayo wewe ungeonekana mkosefu wa adabu kwa kuyasema, mtoto wa miaka kumi na miwili anayasema akicheka: "Babu, juzi umetaka kutuchoma kama mihogo." Mwanawe naye aje nyuma ya utani huo na jambo lililokwisha kutengenezwa, siyo na katazo.

Msimwombe aache sigara. Akiacha ni heri, lakini mtu aliyevuta miaka hamsini haachi kwa sababu ya godoro, na nyinyi mnataka kulala salama usiku wa leo. Mwombeni kitu kimoja: sigara iwashwe akiwa amekaa kwenye kiti. Kiti cha mbao au cha kamba kisicho na mto, kiwekwe karibu na dirisha au mlango, mbali na kitanda kiasi kwamba mkono wake hauwezi kufikia shuka. Kiberiti na pakiti vikae hapo kwenye kiti, visipande kitandani. Usingizi ukimchukua akiwa amekaa, sigara itaanguka sakafuni kwenye udongo au saruji na kuzimika yenyewe. Ukimchukua amelala, sigara inaangukia kati ya shuka na godoro, mahali penye joto na pasipoonekana. Sigara iliyoachwa huendelea kuungua dakika kumi hivi bila kuvutwa, na muda huo unatosha kuwasha sufi. Chandarua nacho kipo hapo hapo. Ni nyuzi za plastiki, kikiguswa na moto kinayeyuka na kudondosha matone yanayowaka juu ya aliyelala. Kama anavuta msokoto badala ya sigara ya dukani, umakini uzidi, maana tumbaku yake hudondosha makaa vipande vipande.

Pembeni ya kiti weka kopo pana la bati, lile la rangi linafaa, lenye mchanga wa vidole vinne na maji kidogo ya kuufanya mbichi. Achomeke kipisi ndani ya mchanga, kisilale juu. Wazee wengi wa kwetu hutumia kifuu cha nazi, na naelewa, kinakaa vizuri mkononi. Lakini kifuu ni kuni, ndicho kinachochomwa makaa. Sahani ya plastiki ndiyo mbaya zaidi. Vipisi visimwagwe usiku. Asubuhi tia maji, koroga, kisha uvifukie shimoni. Ukivitupa kwenye kapu la takataka lenye karatasi na magunia mabovu ya korosho, umehamisha tu kitanda cha moto, maana gunia hufukuta kama sufi.

Na usiku, nusu saa baada ya sigara ya mwisho, mjukuu au mume wako aingie kumtakia babu usiku mwema, apitishe mkono kati ya godoro na ukuta na chini ya mto. Ni kazi ya nukta chache. Mzee akiwa na desturi ya kutia komeo kwa ndani, mwombeni aache, siku ile mngelazimika kuvunja mlango.

Sasa salfa. Sisi tunaita njiti za moto kiberiti, lakini kiberiti kwa asili ni jina la salfa yenyewe, wazee walilijua hilo kabla ya sisi kuipulizia mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 115 hivi, na kaa la sigara ni la moto kuliko hapo kwa mara kadhaa. Ikiwaka, ulimi wake ni wa buluu, mwembamba, mchana huwezi kuuona. Hewa yake ikikutana na unyevu wa kifuani hugeuka tindikali, na mtu mwenye pumu au mzee mwenye kikohozi hawezi kutembea hatua tano ndani yake. Kwenye tukio lenu la juzi, makaa yangedondoka kupitia chaga za kitanda, yangetua juu ya mifuko hiyo. Naelewa kwa nini iko chumbani, wezi wa salfa wapo kila msimu. Lakini ijengewe kichanja chenye kufuli kwenye banda la nje, mbali na mbolea na mbali na petroli. Ikishika moto kidogo, ifunike kwa mchanga mbichi. Usiipige maji kwa nguvu, vumbi lake likiruka hewani karibu na moto linaweza kulipuka.

Petroli ya mota isilale ndani ya nyumba kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ufikie kitu kinachowaka, na dumu la kawaida, kama lile la mafuta ya kula, halina kifuniko cha kuuzuia.

Godoro linashoneka, kama mmelifungua kwa namna niliyosema na sehemu yote yenye rangi imetoka. Sufi iliyobaki itawanye kwenye mkeka juani siku mbili au tatu, ichambuliwe kwa mkono tonge kwa tonge. Palipo na harufu ya moshi patupwe, hata kama ni peupe. Kitambaa msitie kiraka. Nunueni kipya, maana kitambaa kilichobabuka kikishonewa kinachanika upesi, na sufi ikitokeza nje ndiyo inayoshika cheche ya kwanza. Kama iliyobaki haitoshi kujaza la futi nne, lishoneni la futi tatu, mzee analala peke yake.